Nakagua miguu kila siku, kwa nini kidonda kinarudi palepale?

*Habari za kazi. Mimi ni mkulima wa korosho, Lindi vijijini, umri wangu miaka 56. Nilimaliza dawa za ukoma za miezi 12, sasa ni mwaka wa tatu. Nyayo zote mbili zina ganzi, na mkono wa kushoto kidole cha mwisho na jirani yake navyo havisikii. Mguu wa kulia nilipata kidonda chini ya mzizi wa dole gumba. Nilifungwa plasta ngumu, kikapona. Miezi mitatu mbele kikafunguka palepale, kikapona tena. Nilifundishwa kukagua miguu na ninakagua kila asubuhi kabla ya kutoka. Sijachomwa na mwiba wala kukanyaga chupa. Wiki hii, kwenye sugu ya palepale, nimeona kidoa cheusi. Hakiumi, hakitoi maji. Navaa katambuga. Msimu wa korosho umefika na shamba liko kilomita tatu kutoka nyumbani. Je, ukoma umerudi? Na nikague vipi zaidi ya hapa?*

*Mkulima, Lindi*

Shikamoo mzee wetu.

Tuanze na hicho kidoa, maana hakina muda wa kusubiri msimu upite. Doa jeusi au la zambarau ndani ya sugu, kwa mtu mwenye ganzi, huwa ni damu iliyovujia chini yake. Sugu ni ngumu, na kila unapoikanyaga inaibana nyama laini iliyo kati yake na mfupa. Nyama inapondeka, vijishipa vya damu vinapasuka, damu inakosa pa kutokea. Kwa juu ngozi inaonekana nzima, lakini chini kidonda kimeshaanza. Ukiendelea kutembea, kitachimba kwa ndani mpaka siku sugu itakapobanduka na ukute shimo lenye kina, na utadhani limetokea usiku mmoja.

Kwa hiyo shamba liache kwanza. Nenda zahanati au kituo cha afya bila kutembea, mtu akupeleke kwa baiskeli au bodaboda, na ukipanda bodaboda kaa mbali na ekzosi kwa sababu ikikuunguza hutajua. Mwombe mhudumu aipunguze sugu kwa kisu safi cha hospitali, aangalie chini kuna nini. Akikuta ngozi kavu iliyofunga, siku chache za kupumzisha mguu zitatosha. Akikuta uwazi, hicho ni kidonda na kitatibiwa kama vile viwili vya mwanzo. Usiichonge mwenyewe kwa wembe, hata kama jirani anafanya hivyo kila wiki. Mtu mwenye hisia anajua sugu imeishia wapi kwa sababu panauma. Wewe utapita mpaka kwenye nyama na kushtuka ukiona damu.

Kidonda hiki si dalili kwamba ukoma umerudi. Ule mchanganyiko wa dawa tatu uliomeza kwa mwaka mzima umeua vimelea, na kidonda cha unyayo hakimwambukizi mkeo wala wajukuu. Dawa haziwezi kufufua mshipa wa fahamu uliokufa zamani, na hapo ndipo shida ilipobaki. Mshipa huo unapita nyuma ya kifundo cha ndani cha mguu na unafanya kazi tatu: unaleta hisia za unyayo, unaamrisha jasho, na unaendesha misuli midogo inayonyoosha vidole. Ukifa, unyayo hausikii, ngozi inakauka na kupasuka magaga kwa kukosa jasho, na vidole hujikunja kama kucha za kuku. Vidole vikijikunja havibebi tena sehemu yao ya uzito, na mizizi yake inasukumwa chini ikanyage peke yake. Jiangalie: yumkini mzizi wa dole gumba la kulia umechomoza kuliko wa kushoto.

Sasa hilo la kutochomwa na mwiba. Wengi wenye ganzi huwinda miiba na misumari, na ni sawa kuiwinda, lakini kidonda kinachorudi palepale mara nyingi hakihitaji mwiba. Kinahitaji hatua tu. Kilomita moja ni kama hatua 1,400, yaani 700 kwa kila mguu. Kwenda shambani na kurudi ni kilomita sita, kwa hiyo mguu wako wa kulia unakanyaga zaidi ya mara 4,000 kabla hujahesabu kuzunguka chini ya mikorosho. Mtu mwenye hisia akitembea hivyo, baada ya muda unyayo unamsumbua kidogo, naye bila kujua anabadili mwendo: anaegemea kisigino, anakanyagia ubavu wa mguu, anasimama kukung'uta mchanga. Mguu wako hauombi mabadiliko hayo, kwa hiyo unakanyaga palepale kwa uzito uleule mpaka jioni. Daktari Paul Brand, aliyewatibu wenye ukoma kule Vellore, India, na baadaye Carville, Marekani, alionyesha kwamba mkandamizo wa kawaida kabisa, ambao mara moja haudhuru chochote, ukirudiwa maelfu ya mara kwa siku huwasha nyama, na usipopewa nafasi ya kupoa nyama hiyo hufa.

Na pale pako pana kovu, tena la mara mbili. Ngozi ya kawaida huteleza kidogo juu ya mfupa. Kovu limegandamana na kilicho chini yake, kwa hiyo mguu unapojisukuma mbele halitelezi, linachanika.

Hapa ndipo ukaguzi wako unapokosea, na kosa ni la saa. Unakagua asubuhi, wakati mguu umelala usiku kucha na umepoa. Nyama iliyowashwa jana kwa kutembea imetulia, huoni kitu, unatoka. Ukaguzi wenye faida kubwa ni wa jioni baada ya kurudi, na unafanywa kwa mkono kama unavyofanywa kwa macho. Wa asubuhi uendelee, lakini uwe mfupi: unathibitisha tu kwamba kilichoonekana jana kimeondoka.

Jioni ukifika, vua viatu, kaa kivulini robo saa bila kuweka miguu juani, karibu na jiko wala kwenye maji. Ukipapasa mapema, joto la njiani litakudanganya kwa kuwa mguu mzima utakuwa wa moto. Baada ya hapo angalia kwanza. Mguu mmoja juu ya goti la pili, na kama goti halikunji vizuri weka kioo sakafuni na ushike unyayo juu yake penye mwanga. Pita kisigino, kati ya kila kidole, chini ya vidole vilivyojikunja, ncha za vidole, ubavu wa nje, na mwishowe mizizi ya vidole. Vitabu vingi vinasema utafute wekundu. Kwa ngozi zetu wekundu huo mara nyingi hauonekani. Tafuta pahali palipokuwa peusi kuliko jirani yake, panapong'aa kama pamevutwa, palipovimba mikunjo ikapotea, au pana unyevu kwenye mguu ambao kwa kawaida ni mkavu. Lengelenge, ufa, kimwiba, kucha inayoingia nyamani, yote hayo utayaona bila kufundishwa.

Halafu papasa, maana hapa ndipo mguu uliokufa ganzi unaposema. Tumia mgongo wa mkono wa kulia, ule unaosikia. Wa kushoto usiuamini, ganzi ya vidole viwili huambatana na ubavu mzima wa mkono. Bora zaidi ni mkono wa binti yako, na asisubiri kuombwa. Weka mkono kwenye mzizi wa dole gumba la kulia, hesabu mpaka tano, kisha peleka palepale kwenye mguu wa kushoto. Rudi tena. Unatafuta tofauti. Miguu yote miwili ikiwa na joto sawa, hakuna neno. Pahali pamoja pakiwa na moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, au kuliko ngozi iliyo sentimita tatu pembeni, hapo nyama imeumia hata kama macho hayaoni kitu. Pabonyeze taratibu kwa dole gumba la mkono: pakiwa pamejaa na panabonyea kama embe lililoanza kuiva, au ukasikia maumivu ya mbali kule ndani, jambo limeshakuwa kubwa. Baadhi ya watu wenye ganzi ya ngozi bado husikia kidogo kwa ndani, na maumivu hayo hayapuuzwi hata yakiwa madogo.

Ukikuta moto, kaa nusu saa nyingine mguu ukiwa juu ya stuli, upapase tena. Ukitoweka, kesho punguza mwendo kwa nusu na ukague mapema. Ukibaki mpaka asubuhi, siku hiyo hutembei. Kutotembea maana yake ni msalani na mezani, basi, kwa hatua fupi, mpaka joto la pande mbili lilingane, jambo ambalo kwa kawaida huchukua siku mbili au tatu. Watu hupata shida kukubali hili: kulala siku tatu kwa mguu usiouma wala kutoka damu, huku majirani wakipita na matenga yao. Lakini jeraha la namna hii likishikwa likiwa bado ni moto tu, linakugharimu siku tatu. Likishafunguka linakugharimu wiki sita au zaidi, na kovu lililo dhaifu kuliko la kwanza. Siku tatu zikipita moto usipoondoka, nenda kituo cha afya.

Kuna moto mmoja ambao hausubiri siku tatu. Mguu mzima au kifundo kikivimba na kuwa cha moto bila kidonda chochote, hata kama unatembea vizuri, inaweza kuwa mifupa ya ndani imevunjika au viungo vinaporomoka. Mtu mwenye hisia asingeweza kukanyaga. Wewe unaweza, na kila hatua inazidi kuisaga. Usikanyage tena, beba mguu hospitali ukapigwe picha.

Baada ya kukagua ndipo unaloweka. Beseni, maji ya kawaida ya mtungini yanayofunika vifundo, dakika 20 hadi 30. Maji ya moto hapana, na uvuguvugu usiupime kwa mguu. Chumvi na sabuni ya unga usitie, zinaikausha ngozi ambayo tayari haina jasho lake. Mguu ungali na maji, sugua magaga na kingo za sugu kwa jiwe la kusugulia au dodoki, kidogo kila siku, ukiacha mara ngozi laini inapoanza kuonekana. Safari hii sugu yenye kidoa usiiguse mpaka mhudumu aione. Kisha kung'uta maji tu, usifute mguu ukakauka, na upake mafuta papo hapo ili unyevu ubaki ndani: mafuta ya mgando, ya nazi au ya alizeti, hakuna lililo bora kwa kazi hii, la bei nafuu linatosha. Katikati ya vidole fanya kinyume: futa kwa kitambaa, usipake, maana hapo unyevu huzaa fangasi. Penye kidonda kilicho wazi usiloweke, osha tu. Na kama una kisukari pia, mwambie mhudumu kabla ya kuanza, kwa sababu wenye kisukari kwa kawaida hukatazwa kuloweka miguu, nao wamekatazwa kwa sababu nzuri.

Tuje kwenye katambuga. Hatuna ugomvi na tairi, ni soli nzuri ya nje, mwiba wa shambani hauipiti kirahisi. Shida yake ni mbili. Ya kwanza ni misumari: fundi anapigilia mikanda kwa misumari midogo, soli inapolika kichwa au ncha hujitokeza juu, na huo ndio msumari utakaotembea nao kutwa nzima. Ya pili ni kwamba tairi ni gumu, tena limepinda, kwa hiyo uzito wako wote unakwenda pale palipochomoza, yaani palepale penye kovu. Malapa nayo hayafai. Kamba yake inapita kati ya vidole, na ili yasichomoke inabidi vidole vishike, vidole ambavyo vyako haviwezi. Yeboyebo za plastiki hukwaruza pembeni na kuungua juani.

Muulize mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya kama kuna viatu maalumu. Visipopatikana, fundi wa mjini anaweza kukutengenezea ukimpa maelekezo sahihi, na usione haya kusimama naye. Chini aweke tairi au raba ngumu iliyonyooka. Juu yake aweke raba laini yenye vishimo vidogo vya hewa, ile inayoitwa MCR kwenye karakana za viatu vya ukoma, unene wa milimita 10 angalau. Kuipima ni rahisi: ibane kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Inatakiwa iingie mpaka karibu nusu ya unene wake, na ukiachia irudi. Isiyobonyea ni ngumu mno. Inayobonyea mpaka vidole vikakutana, kama sponji la godoro, ni bure, ukikanyaga inakwisha na unabaki juu ya tairi. Aunganishe kwa gundi na uzi, asipige msumari hata mmoja, na mwambie sababu ili asiongeze mmoja "wa kushikiza" ukigeuka. Mikanda iwe mipana, yenye kurekebishika, na lazima uwepo mkanda wa nyuma ya kisigino. Bila huo mguu unateleza ndani ya kiatu na ngozi inasuguliwa. Kwa urefu, mbele ya kidole kirefu kuliko vyote ibaki nafasi ya upana wa kidole kimoja cha mkono, na uipime ukiwa umesimama.

Kiatu kipya ndicho kinachojeruhi watu wengi, hata kikiwa kizuri, kwa sababu mtu anakifurahia na kwenda nacho msikitini au kanisani siku hiyohiyo. Siku ya kwanza kivae nusu saa ndani ya uwanja wako, vua, kaa robo saa, papasa. Siku ya pili saa moja. Ongeza saa moja kila siku ambayo hukukuta moto. Ukikuta moto chini ya mkanda, rudi kwa fundi na umwonyeshe hasa pahali penyewe. Kila asubuhi kabla ya kuvaa, kipige kiatu chini, pitisha mkono wa kulia ndani, halafu ukitazame. Kijiwe cha ukubwa wa punje ya mtama kinatosha kuanzisha kidonda. Kila mwezi bana tena ile raba kwenye sehemu ya dole gumba. Ikianza kubaki imebonyea, imekufa, ibadilishwe hata kama kiatu kingine chote kipo imara. Ukiweza kuwa na jozi mbili za kupokezana, mguu hautagandamizwa kwa namna ileile kila siku.

Kuhusu msimu, hatutakuambia uache korosho zako zioze. Hesabu ya hatua ndiyo itakayokuongoza. Mhudumu akishakuruhusu kutembea, kilomita sita za kwenda na kurudi ziondoe kwanza: baiskeli, hata ya kubebwa, inakuokolea maelfu ya hatua kabla kazi haijaanza, ilmradi umevaa viatu na pedali haigandamizi kovu. Unapoendesha, kanyagia katikati ya unyayo, usikanyagie mzizi wa vidole. Shambani, wenye miguu mizima waokote, wewe ukae kwenye mkeka kivulini kutenganisha korosho na mabibo. Kazi hiyo inahitaji mikono, na kwa ganzi ya mkono wa kushoto vaa glavu au zungushia kitambaa. Pakiwa hapana budi kutembea, tembea polepole kwa hatua fupi, karibu nusu ya urefu wa hatua yako ya kawaida, kwa sababu hatua ndefu humalizikia kwa kujisukuma na mzizi wa dole gumba. Usichuchumae ukiwa umeegemea vidole. Mzunguko wa kwanza usizidi nusu saa, kisha vua, kaa, papasa hukohuko. Ukiwa na moto, kazi ya kutembea imekwisha siku hiyo. Baada ya wiki chache utajua mguu wako unavumilia kiasi gani, na kiasi hicho ni chako, hakifanani na cha mwenzako.

Wakati wa kubangua kwa kuchoma korosho, kaa mbali. Mafuta ya ganda hurushwa na moto na huunguza ngozi hata ya mtu mwenye hisia, na wewe yatakukuta yakiwa yamekaa muda mrefu. Hivyohivyo jiko la mkaa usiku wa baridi: ukitaka kuota moto, miguu iwe nyuma yako.

Usiku kuna adui ambaye watu huona aibu kumtaja, panya. Hula ngozi ya mguu usiosikia na mwenyewe asiamke. Panya huvutwa na harufu ya chakula, kwa hiyo osha miguu kabla ya kulala, usiku pendelea mafuta ya mgando badala ya ya kupikia, vaa soksi safi zisizobana, na chomeka chandarua chini ya godoro pande zote. Kule Vellore tatizo lilikuwa kubwa kiasi kwamba wagonjwa walipewa paka, na ushauri huo bado unafaa.

Ikitokea sugu imefunguka kabla hujamwona mhudumu, osha kwa maji safi na sabuni ya kipande, kausha pembeni, funika kwa shashi au kitambaa safi kilichofuliwa na kukaushwa juani, kisha ulale mguu ukiwa juu ya mto. Badilisha kila siku. Usiweke majivu, dawa ya meno, unga wa betri wala unga wa kapsuli za kuua vijidudu, jambo linalofanywa sana na ambalo linaziba uchafu ndani tu. Spiriti iache, inaua nyama changa iliyoanza kuota. Uliza pia kama sindano yako ya pepopunda bado iko hai. Kinachoponya kidonda cha unyayo ni kutokukanyaga, na ndiyo maana ile plasta ngumu ilikuponya mara ya kwanza: ilikunyang'anya uwezo wa kukikanyaga. Ukikosa plasta, magongo yatafanya kazi hiyo iwapo utayatumia hata kwenda msalani. Kidonda chenye harufu, usaha, mfupa unaoonekana au unaogusika, uvimbe unaopanda mguuni, mtoki kwenye kinena au homa, hakilali nyumbani. Siku hiyohiyo hospitali, hata kama hakiumi, maana hakitauma.

Jambo la mwisho ni la mara moja kwa mwezi. Binti yako akuguse kwa ncha ya kalamu ya wino, taratibu bila kubonyeza, kwenye miguu na mikono yote, macho yako yakiwa yamefumba, nawe uonyeshe kwa kidole alipogusa. Unyayo mtauacha, tunajua hausikii. Mnatafuta ganzi mpya, mahali palipokuwa panasikia mwezi uliopita na sasa hapasikii. Ongeza na hili: kaa, kisigino chini, inua mbele ya mguu. Ukishindwa kuinua, au ncha ya mguu ikianza kuburuta unapotembea, mshipa mwingine unashambuliwa. Haya hutokea hata miaka baada ya kumaliza dawa, kwa sababu mwili unaendelea kupigana na mabaki ya vimelea vilivyokufa. Hapo usingoje kliniki ijayo. Ganzi au udhaifu wa chini ya miezi sita mara nyingi hupona ukitibiwa kwa predinisoloni kwa usimamizi wa hospitali. Ukipita miezi hiyo, uwezekano wa kupona ni mdogo sana. Dawa hizo usinunue dukani ukajitibu: humezwa kwa wiki nyingi na kupunguzwa hatua kwa hatua, na wenye kidonda kilichooza au kisukari huangaliwa kwanza.